Bei ya munkoyo imepanda: namna ya kuwaandikia wateja bila kuwadanganya

Wengi kati yetu tumetoka iniversite na diplome mkononi, na kazi haikuja mbio. Kwa hiyo tunauza. Mmoja anauza viatu, mwingine keki, mwingine anapiga fotokopi. Na wote tunauzia kwenye simu: picha kwenye Facebook, picha kwenye statu ya WhatsApp, na maneno kidogo chini yake. Siku bei inakuwa 1.000, maneno yale ni rahisi kuandika. Siku bei inapaswa kupanda, watu wengi wanakosa namna ya kuyasema. Leo nataka tuongelee posti moja tu: ile ya kuwaambia wateja kama bei imepanda.

Nitachukua mfano mmoja ambao naufahamu kutoka mwanzo mpaka mwisho, sababu nilisaidia kufanya hesabu zake. Ni mwenzetu wa promosheni, lisansie wa jestio, anauza munkoyo hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Anapika mara tatu kwa juma. Kila mara anatosha litre 20, ni kusema chupa 40 za nusu litre. Chupa moja alikuwa anaiuza franka 1.000. Kwa juma, chupa 120 zinaisha, na karibu nusu ya wanunuzi ni watu wale wale: wanafunzi, walimu wawili watatu, na mafundi wa garaje ya pale karibu. Faida ile njo inalipa minerval ya mdogo wake.

Mwisho wa 2024 mambo yakaharibika. Mnakumbuka ule mwaka: mvua ilikosekana kule Zambia, serikali yao ikatangaza hali ya dharura mwezi wa pili, na mahindi yakawa haba. Hapa kwetu unga mwingi unapita Kasumbalesa, kwa hiyo wakikosa wao, sisi tunalipa. Tena mvua ilipoanza, makala nayo ikapanda kama kila mwaka, sababu njia za pori zinaharibika na magunia yanafika machache.

Kwanza alifanya kile ambacho wengi wanafanya: hakusema kitu. Aliongeza maji kidogo kwenye mtungi ili chupa zipate kuongezeka. Aliwaza kama hakuna atakayejua. Lakini mtu anayekunywa munkoyo yako kila siku ya kazi anaijua kuliko wewe. Juma la pili fundi mmoja akamwambia: "Yaya, munkoyo ya sasa iko na maji mingi." Hakugomba, alisema tu. Kisha akapotea siku tatu. Hapo mwenzetu akaelewa kama kupunguza kwa siri ni kupandisha bei pia, tofauti ni kwamba mteja anaigundua yeye mwenyewe, na akiisha kuigundua anaanza kujiuliza ni kitu gani kingine unamficha.

Basi akaacha maji, akaandika posti. Hii hapa, kama alivyoiandika:

"Wateja wetu wapendwa, kutokana na kupanda kwa dola na hali ngumu ya inchi, tunasikitika kuwajulisha kwamba bei ya munkoyo sasa ni 1.500. Asanteni kwa kuelewa. Mungu awabariki."

Posti ile ilipata komenti kuliko zote alizowahi kuweka, na hazikuwa za kumpongeza. Mmoja aliandika: "Dola iko palepale tangu mwaka unaanza. Weye unapandisha juu ya dola gani?" Mwingine: "Mukiona Noeli inakaribia njo munapandisha." Akafuta komenti ya kwanza. Mwenyewe akairudisha na picha ya ile iliyofutwa. Jioni, posti yenyewe akaiondoa na akanipigia simu.

Sasa tuangalie kosa lilikuwa wapi. Watu wengi watasema kosa ni bei, 1.500 ni nyingi. Ni kweli, na tutaifikia. Lakini angalia vizuri yule wa kwanza: hakusema 1.500 ni nyingi. Alisema sababu si ya kweli. Na alikuwa na haki. Mwaka wa 2023 ndio dola ilikimbia sana, kutoka karibu franka 2.000 mwanzoni mpaka zaidi ya 2.600 mwishoni. Mwaka wa 2024 ilizunguka pale karibu na 2.800, haikuruka tena kama vile. Kila mtu wa Lubumbashi anajua bei ya dola, hata mtoto anayetumwa kununua mkate. Ukiweka kwenye posti sababu ambayo mteja anaweza kuikatalia bila kutoka nyumbani kwake, umempa silaha. Na ile "hali ngumu ya inchi" nayo haisaidii, sababu mteja naye anaishi katika inchi ile ile. Yeye mshahara wake haukupanda.

Yule wa pili, wa Noeli, alisema kitu kikubwa zaidi bila kujua. Mwaka wa 1986 watafiti watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, walichapisha utafiti waliofanya kwa simu na watu wa Kanada. Waliwauliza hivi: duka linauza pawa za kuondolea theluji kwa dola 15. Usiku theluji nyingi inaanguka, asubuhi duka linapandisha mpaka 20. Ni haki ao si haki? Watu 82 kwa 100 walijibu si haki. Kisha waliuliza swali lingine: mboga imekuwa haba, mwenye duka ananunua kila kichwa cha saladi senti 30 zaidi kuliko zamani, na yeye anawapandishia wateja senti 30 zile zile. Hapo 79 kwa 100 walisema inakubalika.

Fikiri kidogo. Katika mifano yote miwili bei imepanda. Kinachotofautisha ni kwamba wa kwanza anatumia shida ya mteja, na wa pili anapitisha tu kile kilichompata yeye. Mteja anakubali kama wewe una haki ya kubaki na faida uliyoizoea. Hakubali uiongeze wakati yeye amebanwa. Njo maana mtu akiona bei inapanda mwezi wa 12, bila sababu anayoweza kuishika, anafikiri mara moja: huyu ni wa pawa za theluji. Posti nzuri ni ile inayomwonyesha kama wewe ni wa saladi. Lakini ili uandike vile, inapaswa iwe kweli kwanza. Kwa hiyo kabla ya maneno kuna karatasi na kalamu.

Tulikaa, tukaandika gharama za mapishi moja, ni kusema zile litre 20, mbele na sasa. Unga ulikuwa franka 4.500, sasa 7.500. Makala ilikuwa 4.000, sasa 7.000, sababu munkoyo inakaa motoni muda mrefu. Sukari ilitoka 7.000 ikafika 9.000. Chupa tupu 40 zilikuwa 4.000, sasa 6.000. Mizizi ya munkoyo ilibakia 2.500, na maji pamoja na usafiri 2.000. Jumla ya zamani ni 24.000, jumla ya sasa 34.000. Gawanya kwa chupa 40: zamani chupa moja ilimgharimu 600, sasa 850. Imeongezeka 250.

Mwangalie sasa anachopata. Zamani akiuza 1.000, alibakia na 400 kwa kila chupa, ni kusema 48.000 kwa juma. Akiendelea na 1.000, anabakia na 150, ni kusema 18.000 kwa juma. Kazi ni ile ile, kuamka ni saa ile ile. Na kuna hatari nyingine: kwa kila mapishi anahitaji 10.000 zaidi ya kuanzia, na faida haitoshi kuileta. Juma la tatu ataanza kukopa unga. Kwa hiyo kupandisha ilikuwa lazima. Swali lilikuwa kupandisha kiasi gani.

Pale ndipo masomo yetu ya jestio yanaweza kutupoteza. Darasani tumefundishwa kulinda faida kwa asilimia. Zamani faida yake ilikuwa 40 kwa 100 ya bei. Ukitaka kuilinda asilimia ile, chupa inapaswa kuuzwa zaidi kidogo ya 1.400, na watu wanazungusha mpaka 1.500. Yeye alifika kwenye 1.500 kwa njia ile, na akajiambia ni haki. Lakini mteja haoni asilimia. Gharama imepanda 250, wewe unapandisha 500: nusu ya ile nyongeza ni mfuko wako. Hakuna posti, hata iandikwe namna gani, inayoweza kueleza ile nusu kwa kutumia unga na makala.

Franka 250 zilizoongezeka zinafanya bei iwe 1.250. Hesabu ni safi, lakini nani ana hamsini siku hizi? Noti ya 50 haionekani tena, na hata za 100 na 200 tunazigombania. Shida ya chenji njo inafanya biashara nyingi ndogo ziruke kutoka 1.000 mpaka 1.500, bila ubaya wa moyo. Dawa tuliyoipata ni kuuza kwa nne: chupa 4 kwa 5.000. Ni noti moja, hakuna chenji, na kila chupa inakuwa 1.250 kamili. Kwa anayetaka chupa moja tu, 1.300. Pale kuna 50 ambayo haitoki kwenye gharama. Ni ya chenji, na tulikubaliana mtu akiuliza, jibu liwe lile lile: ni ya chenji, ukichukua nne inaondoka.

Kulibakia wale ambao 1.000 ndiyo yote wanayo. Kuwaambia "asante kwa kuelewa" ni kuwafukuza kwa adabu. Tukaangalia tena karatasi: katika 850, chupa tupu ni 150. Mteja akija na chombo chake, ile 150 inaondoka, nusu litre inagharimu 700. Akiiuza 1.000 bado anabakia na 300. Si 400, lakini si 150. Kwa hiyo bei ya zamani iliweza kubaki kwa mwenye kuleta bidoni yake: litre moja 2.000. Bei ile inamlipa kweli, kwa hiyo anaweza kuiacha miezi yote bila kujuta.

Baada ya pale, kuandika kulichukua dakika kumi. Posti iliwekwa jumatatu tarehe 2 mwezi wa 12. Hii hapa:

"Kuanzia jumatatu tarehe 9/12, munkoyo chupa ya nusu litre ni 1.300 FC. Chupa 4 ni 5.000 FC. Mpaka jumapili 8/12 bei inabakia 1.000.

Sababu: unga wa kupika mara moja tuliununua 4.500, leo ni 7.500. Makala ya 4.000 leo ni 7.000. Sukari na chupa pia vimepanda. Kwa jumla chupa moja inatugharimu franka 250 zaidi.

Hakibadilike: nusu litre kamili, uzito wa zamani. Mwezi uliopita kuna siku tuliongeza maji. Ilikuwa kosa, tumeacha.

Ukileta chombo chako safi, litre moja ni 2.000 kama mbele.

Mwezi wa 6, unga mpya ukiisha kuingia, tutafanya hesabu tena na tutawaambia hapa hapa. Uko na ulizo? Andika, tutajibu."

Sasa tuichambue, sababu kila kipande kiko pale kwa kazi yake.

Bei na tarehe ziko kwenye mstari wa kwanza. Facebook inakata maneno marefu na kuweka "Voir plus", na mtu mwenye mega kidogo habonyezi. Ukianza na salamu, baraka na historia ya biashara, atakachokiona ni salamu. Atakuja na 1.000 mkononi, na bei mpya ataijulia kwenye meza, mbele ya watu. Aibu ile hatakusamehe. Kwa sababu ile ile, usiiweke bei ndani ya picha peke yake. Mwenye mega kidogo anaweza kuona maneno tu, bila picha kufunguka. Na kwenye WhatsApp, statu ya maneno haipiti herufi 700, na inaondoka baada ya saa 24. Posti hii inaingia ndani ya zile 700. Aliiweka tena jumatano na jumamosi, maana mtu ambaye hakufungua simu siku ya kwanza naye ana haki ya kujua.

Juma moja la kungoja ni zawadi ndogo inayosema: sikukushtua. Kwa munkoyo haina hatari, sababu haikai. Ikipita siku mbili tatu inachachuka, hakuna atakayenunua chupa 50 za kuweka. Lakini kama unauza sabuni ao mchele, watu watakuja kubeba stoki yote kwa bei ya zamani, na wale wa kila siku watakosa. Hapo weka kipimo kwenye posti yenyewe: kila mtu mbili, basi.

Sababu ni mbili tu zenye hesabu, unga na makala. Tulizichagua si kwa kuwa ndizo kubwa peke yake, ila kwa kuwa mteja anaweza kuzihakikisha. Mama wa nyumbani wa Katuba ananunua unga na makala yeye mwenyewe. Akisoma, anasema moyoni: ni kweli, hata mimi. Hakuna haja ya kuweka karatasi yote ya gharama. Ukiweka vitu kumi, mtu atachukua kile kimoja ambacho kwake ni rahisi zaidi na mtagombana juu ya chupa tupu. Tena hesabu zako zote si za kila mtu, hata jirani anayepika munkoyo anasoma.

Ile franka 250 ni mstari mfupi, lakini njo unabeba posti yote. Ndiyo inamruhusu mteja kufanya hesabu mwenyewe na kukuta kama 5.000 kwa chupa nne inalingana kabisa. Wengi wanaogopa kuiandika. Ukiogopa kuiandika, jiulize kwanza kama bei yako si zaidi ya gharama. Na kama unataka kujiongezea mshahara, ni haki yako. Sheria ya Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inakuachia kupanga bei ya vitu kama hivi. Lakini sema kwa jina lake: "tumeongeza franka 100 kwa kazi." Usiifiche chini ya gunia la makala.

Kuhusu maji, tulibishana. Yeye hakutaka kuandika, alisema watu wengi hawakuona. Mimi nilimwambia wale waliona ndio wateja wake wa kweli, na wao ndio watakaosoma neno "uzito wa zamani" na kucheka. Mwishoni aliandika mwenyewe. Ni sentensi fupi mbili, bila kulia. Kosa likiandikwa na mwenyewe, hakuna wa kulileta kwenye komenti kama habari mpya.

Na ahadi ya mwezi wa 6 ina mipaka. Hakusema "tutashusha". Alisema tutafanya hesabu tena. Bei ya unga mwenyewe haiamuru, kwa hiyo hakuahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Anachoweza kuahidi ni kukaa na karatasi na kusema matokeo.

Komenti zilikuja. Hapo ndipo posti inaweza kuharibikia hata kama ni nzuri, na alikuwa amejipangia: hafuti kitu, anajibu mara moja tu kwa kila mtu, na anajibu na hesabu. Mmoja aliandika: "Kwa fulani chupa bado ni 1.000." Akajibu: "Ni kweli papa. Yake ni ya 33, yetu ni nusu litre. Kama 33 inakutosha, kwake ni bei nzuri." Wengi wanaogopa kumtuma mteja kwa mwenzake. Yeye alimtuma na hesabu ya kweli, na watu wengine walioisoma walipima wenyewe. Mwingine aliuliza: "Na unga ukishuka?" Akamjibu: "Mwezi wa 6, tarehe moja, uniulize hapa." Yule wa Noeli naye alirudia neno lake. Akamjibu: "Noeli ingekuwa sababu, nisingeacha litre kwa 2.000." Akanyamaza.

Sasa, namna gani ya kujua kama wateja wamebakia? Si kwa kuhesabu "likes". Watu wanaopenda posti si wale wanaonunua. Kabla ya tarehe 9 tulifanya hesabu moja ya kumtuliza. Akibakia na bei ya zamani, chupa 120 zinampa 18.000. Kwa bei mpya, akipata 400 kwa chupa, chupa 45 peke yake zinampa 18.000 ile ile. Ni kusema anaweza kupoteza chupa 75 kwa juma na bado asipate chini ya pale alipokuwa. Fanya hesabu hii mbele ya kutangaza, sababu siku mbili za kwanza mauzo yanashuka, na mtu asiyejua mpaka wake anashtuka na kurudisha bei. Ukiirudisha, umewafundisha wateja kama bei yako ya kwanza ilikuwa ya kujaribu.

Juma la kwanza aliuza kiasi cha chupa 88. La pili 93. La tatu, na Noeli ndani, 104. Kwa kadiri ya chupa 95, anabakia na 38.000 na kitu, si mbali sana na pale alipokuwa zamani. Zaidi ya chupa, alikuwa na daftari ya wale wa kila siku, watu 30. Mwisho wa mwezi 26 walikuwa bado wanakuja. Sita kati yao wanakuja na bidoni. Wanne walipotea, na fundi wa kwanza, yule wa "maji mingi", hakuwa kati ya wale wanne.

Mwezi wa 6 wa 2025 ulifika. Kule Zambia mavuno yalikuwa makubwa, unga ukashuka, na makala nayo ikashuka na jua la kiangazi. Sukari na chupa tupu vilikataa kushuka. Tulikaa tena na karatasi: mapishi moja ilikuwa 29.000, chupa moja 725. Akaandika posti fupi sana: unga ni 5.000, makala ni 4.500, sukari na chupa bado ziko juu, kwa hiyo chupa 4 zinashuka kutoka 5.000 mpaka 4.500, moja ni 1.200. Haikurudi 1.000, na alieleza kwa nini haikurudi.

Mtu mmoja alimuuliza chini ya posti kama amekuwa tajiri mpaka anashusha bei. Akamjibu: "Hapana. Niliahidi kufanya hesabu."